Jina Ndani ya Mabano

Kazi yangu ni ndogo kiasi kwamba nikiulizwa harusini au matangani ninafanya nini mjini, huwa nasema tu niko ofisini. Ukweli ni kwamba mimi huweka mabano. Mtu akiandika hadithi ya kusomwa kwa sauti, ya redio au ya filamu ya hospitali au ya chama cha wakulima, hati huja kwangu kabla msimulizi hajaiona. Naipitia na penseli. Kila jina la ugenini na kila neno la kitaalamu nalizungushia duara, natafuta linavyotamkwa, kisha naandika matamshi yake ndani ya mabano, kwa herufi za Kiswahili, silabi kwa silabi, palepale neno lilipo. Si chini ya ukurasa. Msimulizi akishuka chini kutafuta, sauti yake inashuka naye, na msikilizaji anajua huyu mtu amepotea.

Studio yetu iko mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa. Kuta tumezifunika magodoro ya zamani na trei za mayai, na paa ni bati. Sasa wewe uliyewahi kukaa Kisii unajua maana ya bati saa za alasiri. Mvua ikija, kazi inasimama. Hakuna kubishana nayo. Fundi wa mitambo anavua visikio, msimulizi anatoka ndani ya kijumba chake, chai inamiminwa, na sisi sote tunakaa kimya tukisikiliza bati. Mambo mengi ya maisha yangu nimeyafikiria ndani ya mvua hizo. Nikikumbuka mwaka ule, nauona wote kama alasiri moja ndefu, mvua inanyesha, karatasi ziko mapajani, na mtu fulani mbali sana anaita jina langu.

Msimulizi wetu ni mwalimu mstaafu wa Marani. Sauti yake ni nzito na ya taratibu, na Kisii yote imo ndani yake, nami sitaki itolewe hata kidogo. Lakini kichwa chake ni kigumu, wacha tu niseme. Siku ya kwanza nilipompa hati yenye mabano aliikunja, akanitazama juu ya miwani.

"Mama, mimi nimesoma Biblia kanisani tangu hujazaliwa. Wafalme wa Babeli wote nimewataja, hakuna aliyelalamika."

"Hawawezi kulalamika, mwalimu. Walishakufa."

Alicheka, akaingia ndani. Tukawasha mitambo. Hati ilihusu afya ya kina mama, na katikati yake palikuwa na eclampsia, ule ugonjwa wa presha na degedege unaowapata wajawazito. Msomaji wa Kiswahili akiachwa peke yake hukanyaga kwa mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa ndivyo lugha ilivyomlea, naye atasema eklampsía. Ndiyo maana nilikuwa nimeandika (e-KLAMP-si-a), na herufi kubwa mahali pa kukanyaga. Mwalimu alikuja akisoma vizuri, kwa upole, mpaka akafika pale. "E-KLAMP!" Lo! Fundi alirusha visikio mezani. Mwalimu akaendelea "sia" kwa sauti ya kawaida, kama hakuna lililotokea.

Nilimuuliza kulikoni. Akaniambia, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa jambo la wazi, kwamba katika Biblia yake BWANA huandikwa kwa herufi kubwa, na mahali hapo msomaji huinua sauti kwa heshima. Amefanya hivyo kila Sabato maisha yake yote. Nilicheka hadi machozi, halafu nikajirudi. Kosa halikuwa lake. Mabano ni ya msomaji yule atakayeyasoma, si ya msomaji wa vitabuni. Tangu siku hiyo niliacha herufi kubwa, nikawa napiga mstari mfupi chini ya silabi, tena pale tu inapotofautiana na mazoea ya Kiswahili. Neno kama oxytocin (ok-si-to-sin) halikuhitaji mstari. Likishaandikwa hivyo, ulimi wetu unajua wenyewe pa kukanyaga.

Basi siku moja ikaja hati kutoka kituo cha afya huko Nyamira, kwenye vilima vya chai. Walikuwa wanajiandaa kwa sherehe, na walitaka hadithi ya kituo chao isimuliwe kwa Kiswahili, ichezwe kwenye spika mbele ya watu. Nilikaa nayo dirishani, penseli mkononi. Ukurasa wa kwanza: ergometrine (er-go-me-trin), dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua. Ukurasa wa pili: placenta previa (pla-sen-ta pri-vi-a), kondo la nyuma likiziba njia ya mtoto, nikapiga mstari chini ya "pri". Ukurasa wa tatu niliona jina la mkunga wa kwanza wa kituo, mwanamke aliyetoka Wales. Nililizungushia duara kama nilivyozoea, na penseli ikanisimama mkononi.

Lilikuwa jina langu.

Si herufi kwa herufi. Lile la kwenye hati lilianza na L mbili zilizosimama pamoja kama watu wawili mlangoni, na katikati lilikuwa na Y mahali nisipotarajia. Langu lina R, na lina irabu mwishoni, kama kila kitu chetu. Ekegusii, lugha yetu ya Kisii, haina L. Hata school ya Kiingereza tuliipokea tukaiita esukuru, tukaenda nayo nyumbani. Vivyo hivyo kina mama wa Gesima, kwetu, karibu na kituo kile, walipokea jina la yule mkunga, ambaye wao walimwita Sista, wakalilainisha, wakalipa mwisho mzuri, na kina mama kadhaa wakawapa binti zao. Mimi ni mmoja wa binti hao. Karani wa vyeti aliliandika alivyolisikia kwa mama yangu, na tangu hapo watu wa mjini hunisahihisha jina langu mwenyewe wakidhani nimekosea. Shuleni nilichekwa. Kazini mtu mmoja aliwahi kuniandikia kwa herufi alizoona ndizo, nikafura siku nzima.

Hadithi ya jina hilo niliijua kabla sijajua kusoma. Baaba, ndivyo tunavyowaita mama zetu kwetu, alikuwa amepoteza watoto kabla yangu. Watu walishaanza kunong'ona. Uchungu wangu ulipomshika ilikuwa mchana, mvua ya mawe inapiga majani ya chai mpaka yanalala, na mtu akatumwa mbio kituoni. Sista alikuja kwa miguu, amelowa chapachapa. Hakusalimu. Alisimama mlangoni akauliza kwa Ekegusii, "Maji yamechemka?" Kila mama wa upande ule anakujua kuuliza huko. Ndiyo ilikuwa hodi yake. Baaba alikuwa akinisimulia anafika hapo, anaiga sauti ile ya ugenini, anacheka, kisha anafuta macho na ncha ya leso. Nilitoka nikiwa nimejifunga kitovu shingoni. Sista alinifungua.

Kisha linafuata lile ambalo hakulicheka kamwe. Alipopata nguvu ya kutembea alikata mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva, akanifunga mgongoni, akaenda kituoni kushukuru. Akakuta mlango umefungwa. Baba yake Sista alikuwa ameugua ghafla huko kwao, akaitwa, akaenda, na hakurudi tena. Baaba aliziacha ndizi pale mlangoni. Maisha yake yote amekuwa na neno moja ambalo hakumfikishia mwenyewe. Mimi nilikua chini ya neno hilo. Akinikasirikia hakuniita jina langu, aliniita "wewe mtoto wa baba yako", kwa kuwa jina lile halikupaswa kugombezwa.

Kanuni ya kazi yangu ni moja: jina la mtu hulikisii, unamuuliza mwenyewe, au aliye karibu naye. Hati ilikuwa na anwani ya mpwa wa Sista, ndiye aliyetuma picha za zamani kituoni. Nilimwandikia kwa adabu: naomba unirekodie jina la shangazi yako na la mji wa kwenu, unavyolisema nyumbani, polepole kisha kwa kasi ya kawaida. Sikumwambia kitu kingine. Ukiuliza, nilikuwa naogopa.

Sauti ilifika mvua ikianza. Nilijibanza ngazini, simu sikioni, bati linavuma juu. Mwanamke alisema jina la mji kwanza, Llanelli, kisha jina la shangazi yake. Herufi zile mbili hazikuwa L hata kidogo. Zilikuwa pumzi, upepo unaopita kando ya ulimi. Nilirudia kucheza ile sauti hadi chai yangu ikapoa. Ni ajabu kusikia jina lako likisemwa na watu ambao ndio wenyewe, ukakuta hulijui. Nilihisi kama nimevaa nguo ya mtu maisha yangu yote, na sasa amefika kuichukua.

Mwishoni mwa ujumbe mpwa aliongeza mambo mawili. La kwanza, kwamba angefurahi sana jina litamkwe sawasawa, kwa sababu shangazi yake aliwahi kumwambia kwamba Afrika hakuna aliyelipata. La pili, kwamba shangazi yake yu hai, yuko kwenye nyumba ya wazee, lakini akili yake inaondoka kidogo kidogo. Kuna asubuhi nzuri bado. Zinapungua.

Nilikaa pale ngazini mpaka mvua ikakatika. Yu hai! Kwa miaka yote hiyo tulimzungumzia kama mtu wa hadithi.

Niliandika mabano. Mji: Llanelli (hla-ne-hli). Sauti ile haimo katika Kiswahili, wala hakuna herufi yetu inayoibeba, kwa hiyo nilichagua iliyo karibu na nikampa mwalimu maelezo ana kwa ana: weka ulimi nyuma ya meno ya juu kama unaanza kusema "la", usitoe sauti, puliza hewa ipite kandokando. Mstari wa mkazo haukuhitajika, kwa maana watu wa Wales nao hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Hilo lilinifurahisha sana, sijui kwa nini. Jina la Sista nililiwekea mabano vilevile, kila lilipojitokeza katika ukurasa mpya, kwa herufi zilezile, ili jicho la mwalimu lisikutane na kitu kipya. Mwalimu alifanya mazoezi dirishani akipulizia kioo mpaka kikaingia ukungu. Akalipata. Alilisema kwa ile sauti yake ya Sabato, na fundi akaacha kuandika.

Mwisho wa juma nilipanda Gesima na rekodi ya majaribio kwenye simu. Baaba hachumi chai tena kwa kuuza, lakini asubuhi huenda shambani hivyohivyo, anapapasa matawi ya juu, anachuma majani mawili na kichipukizi, anayatia mfukoni mwa sweta. Ukungu ulikuwa haujainuka. Nilimkalisha kwenye kigoda nje ya jikoni nikacheza rekodi. Mwalimu akaanza: kituo, kilima, njia ya matope. Baaba akawa anaitikia kwa kichwa. Likaja jina.

Hakutikisika. Mwalimu akaendelea, mkunga huyu alifanya hivi, mkunga huyu alitembea pale. Baaba alikunja uso.

"Huyo wanayemsifu ni nani? Mbona Sista wetu hawamtaji?"

"Baaba, ndiye huyo. Hivyo ndivyo jina lake linavyosemwa kwao."

Nililicheza tena. Alisikiliza kichwa kikiwa upande. Nilitegemea acheke. Badala yake akawa anayatoa majani mfukoni moja moja na kuyaweka kwenye goti.

"Kumbe tulikuwa tunamwita jina lisilo lake," alisema. "Na yeye alikuwa anaitika."

Niliumia. Nilitaka kumwambia si kosa, ni ulimi tu, lakini uso wake ulikuwa umeshaenda mbali. Nikasema lile la pili haraka, kabla sijafikiri: kwamba yu hai, kwamba anasahau, kwamba mpwa wake angekubali tupige simu siku ambayo ameamka vizuri. Baaba alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Nifundishe kumwita."

"Hata ukimwita vile vya zamani—"

"Nifundishe! Nitamshukuru mtu kwa jina bovu?"

Basi nikamfundisha. Nilibaki nyumbani, nikaomba ruhusa kazini, na mwalimu alinitumia ujumbe kwamba kituo kinaweza kungoja kidogo, sherehe bado. Nilikuwa nimezoea kuandika mabano kwa wasomaji, na Baaba hasomi vizuri siku hizi, macho yamemchoka. Kwa hiyo tulifanya mabano ya mdomo. Nilikata jina vipande, nikampa kimoja kimoja kama mtu anayempa mtoto viazi vya moto. Alikishika, akakipuliza, akakila. Alikuwa ananiuliza ulimi uko wapi sasa, nami nilifungua kinywa nikamwonyesha. Jirani alipita njiani na debe la maji, akatukuta tumeachama vinywa tukipumuliana, akasonga mbele bila kuuliza.

Siku zile zimekaa ndani yangu kama ndoto. Ukungu ulikuwa unalala kwenye chai mpaka jua linaona haya kuja. Baaba alikuwa akitembea katikati ya mistari ya chai akipuliza jina la mwenzake, hla, hla, mvuke ukimtoka mdomoni, na mimi nilikuwa namwona kichwa tu, leso yake ya njano inakwenda na kurudi. Wakati mwingine nilikuwa siwezi kusema kama ni yeye anapumua au ni upepo migombani. Nilikuwa nikilala kidogo mchana, kwenye kitanda changu cha utotoni, nasikia nikiitwa kwa jina ambalo si langu na ni langu, sijui niitike kwa lipi. Kusema kweli nilikuwa na wivu. Mama yangu alikuwa anajifunza kulisema jina langu vizuri, kwa ajili ya mtu mwingine.

Na alilipata. Mtu wa umri ule, ulimi ambao haujawahi kubeba L ya kawaida, achilia mbali hiyo ya pumzi. Alilisema siku moja akimwaga mabaki ya ugali kwa kuku, bila kujitayarisha, safi kabisa. Tulitazamana. Alicheka kama msichana.

Nilimwandikia mpwa habari yote, naye akatupigia asubuhi njema ilipopatikana. Mtandao kwetu ni wa kubembeleza, kwa hiyo kila siku tulikuwa tukipanda mapema hadi kituo cha kuuzia chai, mahali pa juu, Baaba amevaa gauni la kanisani na viatu. Nilikuwa nimembebea kigoda. Wenye vikapu vya chai walikuwa bado hawajaanza kufika. Nilifungua spika ya simu nikaishika karibu na mdomo wake.

Mpwa alisema, kwa Kiingereza, yuko hapa, amekaa dirishani, anasikia. Nikamwashiria Baaba kwa kichwa aanze.

Alivuta pumzi. Akalisema. Nakuapia, hata mwalimu na sauti yake yote hakuwahi kulisema hivyo. Kila silabi ilikaa mahali pake.

Upande wa pili sauti ya kizee, nyembamba, ya adabu sana, ikajibu kwa Kiingereza: ndiyo, ni mimi, nani mwenzangu? Ilikuwa sauti ya mtu anayefungulia mgeni mlango na tayari anataka kuufunga. Baaba alisema kwa Kiswahili kwamba ni mama wa Gesima. Sauti ikauliza kama ni mtu wa kuleta maziwa. Nilimsikia mpwa akimnong'oneza jambo, na yule mzee akirudia kwa wasiwasi, sijui, sijui, samahani. Baaba akalisema jina tena, vizuri vilevile, polepole zaidi. Sauti ikasema samahani kwa mara nyingine, ikaanza kutetemeka.

Mpwa akaniambia labda siku nyingine. Nilimwona Baaba akiporomoka mabega. Kazi yote ile. Nilitamani kumpigia mpwa kelele ndani ya simu, mshike, usimwache aende, ana neno moja tu. Nilikuwa nafungua kinywa kuaga.

Ndipo Baaba akaita. Hakuita kwenye simu hata. Aliinua kichwa akaita kama mtu aliyesimama mlangoni kwake mvua inanyesha, anamwona mwenzake akipita njia ya chini. Aliita jina la Gesima, lenye R, lenye irabu ile ndefu ya mwisho. Jina langu. Nusura niitike.

Niliangalia simu nikadhani mtandao umekata. Kisha ile sauti ikarudi, na haikuwa nyembamba tena. Ilikuwa ya mtu mwenye haraka, aliyetembea mbali, na ilikuwa kwa Ekegusii, kwa lafudhi ileile ambayo Baaba alikuwa akiiiga nilipokuwa mtoto.

"Maji yamechemka?"

Baaba aliziba mdomo kwa mkono. Nilidhani hataweza. Aliutoa mkono akajibu, "Yamechemka, Sista. Ingia."

Alimwambia yote hapo. Kwamba mtoto alipona. Kwamba alileta ndizi akakuta mlango umefungwa. Kwamba asante. Alisema asante kwa Ekegusii na kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza chake cha kanisani, na yule mzee alikuwa akiitikia ee, ee, kama wanavyoitikia kina mama wetu wakipeana habari. Nusu ya maneno sijui kama aliyaelewa. Mpwa alikuwa analia. Wachumaji wa kwanza walikuwa wamefika na vikapu, wakasimama mbali kidogo.

Baadaye mpwa aliniandikia. Alisema alikosea kuhusu lile alilowahi kuambiwa. Shangazi yake alimwambia hakuna aliyelipata jina lake Afrika, ndiyo, lakini sasa amekumbuka kwamba alikuwa akilisema hilo huku anatabasamu. Aliomba jina katika hati libadilishwe. Mimi sina mamlaka ya kugusa maneno ya mwandishi, mabano ndiyo yangu, basi nilipeleka ombi kituoni, na kituo wakakubali: litajwe la kwao mara moja mwanzoni, kisha kote litumike lile ambalo kina mama walimwitia.

Tulirekodi alasiri, tukiwahi mvua. Niliichapa hati upya, nikamwekea mwalimu kwenye stendi, nikarudi upande wangu wa kioo. Alipitisha jicho kurasa, akainua kichwa akaongea kwenye kipaza sauti.

"Mama, hapa umesahau. Jina hili la sista, ukurasa wa tatu kwenda mbele. Hukuliwekea mabano."

Nilibonyeza kitufe ili anisikie.

"Sikusahau, mwalimu. Soma kama lilivyoandikwa."